Mtoto wa marehemu dada anakosa shule huko kwa ndugu, nimchukue au nimwache?

Shikamoo dada. Naomba usitaje jina langu maana ndugu zangu wanasoma hii safu.

Dada yangu wa kwanza alifariki mwaka jana, mume wake alimtangulia miaka minne kabla. Wameacha watoto watatu, wa kike ana miaka 14 yuko darasa la sita, wa kiume 10, wa mwisho 6. Dada aliumwa karibia mwaka mzima na huyu mkubwa ndo alikuwa anamuuguza. Baada ya mazishi tukakaa kikao tukagawana, mkubwa akaenda kwa baba yake mkubwa kwa sababu ndo mwenye uwezo kuliko sisi wote, wa 10 nikamchukua mimi, mdogo akabaki kwa bibi. Watu nane tuliahidi kuchangia shule. Muhula wa kwanza tulitoa wote nane, wa pili watano, sasa hivi tumebaki wawili.

Juzi nikaenda kumuona yule binti. Mwalimu wa darasa akanionyesha mahudhurio, muhula wenye siku 58 amekosa 21, na akaniambia 13 kati ya hizo ni Jumatatu na Alhamisi. Nikafungua daftari la hisabati, kurasa nne mfululizo mwalimu kaandika "rudia" kwa wino mwekundu, zote ni kujumlisha sehemu. Alafu pale nyumbani kuna binamu yake wa miaka 13, yeye hakosi shule hata siku moja. Mke wa baba mkubwa ana mtoto wa miezi tisa na anafanya kazi ya zamu. Nilipomuuliza binti kama ana shida akasema "mama mdogo, nimezoea tu". Nimerudi nyumbani silali, naona wanamtesa. Nataka nikamchukue lakini mume wangu anasema sisi wenyewe tuna wawili na huyu wa 10 ni watatu, hatuwezi. Na nikimchukua kwa nguvu upande wa baba yake hawatanisamehe. Nifanyeje?

Mama mdogo

MAJIBU

Marhaba mdogo wangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara tatu na kila nikifika kwenye Jumatatu na Alhamisi nasimama, kwa hiyo acha nianzie hapo hapo.

Siku 58 za shule ni kama wiki kumi na mbili hivi, maana yake Jumatatu na Alhamisi zote ukizijumlisha hazizidi 24. Binti kakosa 13, zaidi ya nusu. Zile siku zingine tatu za wiki, ambazo kwa muhula mzima zinafika 34 au 35, kakosa 8 tu. Sasa mtoto mvivu hakosi kwa ratiba, na mtoto anayeumwaumwa naye hakosi kwa ratiba, homa haijui leo ni Alhamisi. Mtoto akikosa siku zile zile wiki baada ya wiki ujue kuna ratiba ya mtu mzima fulani yeye ndo anaijazia pengo. Na jibu pengine umeshaniandikia mwenyewe bila kujua, kuna mtoto wa miezi tisa na kuna mama wa zamu. Sitaki nikuapie kuwa ndivyo, zamu zake sizijui, ila wewe ni rahisi kuuliza kwa upole tu, "mke wa shemeji, hivi kazini unaingia siku zipi, na huyu mdogo unamwacha na nani?" Ukisikia Jumatatu na Alhamisi basi umeshapata mlango.

Naomba tuligeuze kidogo hilo neno "wanamtesa". Inawezekana kweli wanamtesa, nitarudi hapo mwishoni maana sio jambo la kupita juu juu. Lakini inawezekana pia hakuna mtu katika nyumba ile aliyewahi kukaa akasema huyu mtoto asisome. Mimi kwenye kazi hii ndo ninachokiona mara nyingi zaidi, siku moja dada wa kazi kaondoka, mtoto mchanga hana wa kukaa naye, mama anachelewa zamu, anaangalia nani yupo karibu, anasema "leo tu baki na mdogo wako". Ile leo tu inarudi wiki ijayo na baada ya miezi miwili inakuwa ndo utaratibu wa nyumba, na binti anasema nimezoea.

Lakini swali linalouma linabaki pale pale, kwanini abaki yeye na sio binamu wa miaka 13? Wanapishana mwaka mmoja tu na wote wanaweza kubeba mtoto. Hapa kuna utafiti nautumia sana kwenye vikao vya familia. Mwaka 2004 Anne Case, Christina Paxson na Joseph Ableidinger walichapisha kazi waliyoifanya kwa takwimu za kaya kutoka nchi 10 za Afrika, wakakuta yatima wana nafasi ndogo ya kuandikishwa shule kuliko watoto wasio yatima wanaoishi nao ndani ya nyumba hiyo hiyo. Nyumba ni hiyo moja na kipato ni hicho kimoja, kwa hiyo huwezi kusema tofauti imeletwa na umaskini wa nyumba. Kilichoeleza tofauti kwa sehemu kubwa ni ukaribu wa damu kati ya mtoto na mkuu wa kaya, kadiri udugu unavyokuwa wa mbali ndivyo shule inavyoyumba. Kwenye kikao chenu mliuliza nani ana uwezo, na ni swali la maana, ila halikutosha. Lingine lilikuwa, katika nyumba hiyo nani atasimama kumtetea huyu mtoto siku mambo yakibana? Baba mkubwa ni ndugu wa damu, sawa, lakini anayegawa kazi za asubuhi ni mama mkubwa, na yeye kwa binti sio damu. Simlaumu, ana mtoto mchanga na zamu juu. Nasema tu mtoto mliyempa nyumba yenye uwezo hana wakili ndani yake.

Sasa lile daftari. Kujumlisha sehemu, na nina hakika ukilifungua tena utakuta ni zile sehemu zenye asili tofauti, nusu jumlisha theluthi, mtoto anajumlisha juu na chini anakuandikia mbili ya tano. Hayo hayaanzi darasa la sita, ni ya nyuma huko, yani wakati mama yake yuko kitandani na yeye ndo muuguzi. Edward Miguel na David Evans waliwafuatilia watoto zaidi ya 20,000 Kenya kwa miaka mitano, wakachapisha matokeo mwaka 2007, na waliona mahudhurio yanashuka sana mzazi akishafariki lakini yalikuwa yameanza kushuka kidogo hata kabla ya kifo, kipindi cha ugonjwa. Na walioanguka zaidi walikuwa waliofiwa na mama na wale ambao tangu mwanzo walikuwa nyuma darasani. Binti yako yuko kwenye hayo makundi mawili kwa mpigo. Ndo maana nakuomba, mtu akikwambia huko "huyu hana kichwa cha shule" usikubali upesi, na wewe mwenyewe usidhani ukimhamisha tu pengo litajiziba. Popote atakapokaa anahitaji mtu wa kumrudisha kwenye somo alilopotelea, nusu saa jioni, mara tatu nne kwa wiki, asijumlishe sehemu za darasa la sita mpaka zile za nyuma zikae. Muulize mwalimu wa hisabati swali moja, "alianza kupotea mada gani?" Walimu wengi wanajua ila hawaulizwi.

Haya, tuje kwenye nimchukue au nimwache. Mi naona njia zako sio mbili.

Ukimchukua, atakuwa na wewe na mdogo wake wa 10, na hilo ni kubwa. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 kuhusu malezi mbadala inasema ndugu wa tumbo moja kimsingi wasitenganishwe isipokuwa kuna sababu ya kumlinda mtoto, na nyie katika kikao kimoja mliwagawa sehemu tatu ili mzigo uwe mwepesi. Najua kwanini mlifanya hivyo, kila familia inafanya. Lakini hawa walishapoteza baba, wakapoteza mama, alafu wiki ile ile kila mmoja akawapoteza wale wawili wengine. Hatari ya njia hii ni kwamba mume wako hajakubali, na mtoto akiingia kwenye nyumba ambayo mmoja hajamkubali anaisikia hiyo kila siku hata asipoambiwa, unaweza ukajikuta umemtoa kwenye shida moja umemuingiza kwenye inayofanana nayo. Umesema mumeo anasema hatuwezi. Hatuwezi nini hasa? Chakula, pa kulala, ada, au anaogopa kwamba ndugu wengine wakiona mmemchukua watatoa mkono kabisa wawaachie nyie? Hayo ni mambo manne tofauti na kila moja lina dawa yake, usiyaache kwenye neno moja. Alafu kuna karatasi, barua ya uhamisho, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya vifo vya wazazi wote wawili, ujue viko kwa nani kabla hujapanda gari. Na kwa vile yuko la sita angalia kalenda ya mtihani wa kumaliza msingi, sehemu nyingi mtahiniwa anasajiliwa kupitia shule aliyopo na usajili unafungwa miezi mingi kabla, uhamisho wa katikati unaweza ukamuachisha mtihani mzima.

Ukimwacha pale, usimwache kama alivyo. Hapa ndo ile ratiba ya zamu inakusaidia, kwa sababu ukienda na neno "mnamtesa" baba mkubwa atajitetea na mlango utafungwa, ila ukienda na "siku mbili kwa wiki mtoto mchanga hana wa kukaa naye, tufanyeje ili binti asikose shule" umeleta shida ambayo na wao wanaiona. Ndugu mmoja kati ya wale sita waliokata kuchangia huenda hana hela ila ana muda, au mchango uliobaki ukamlipa mtu wa kumkalia mtoto hizo siku mbili tu. Inaweza kuonekana ajabu kutumia hela ya yatima kumlea mtoto wa wenyewe, najua utasemwa, lakini piga hesabu, zile Jumatatu na Alhamisi 13 zikirudi binti anabaki na siku 8 za kukosa badala ya 21. Hatari yake ni kwamba inategemea watu kutimiza ahadi, na wewe uko mbali. Kwa hiyo elewana na mwalimu wa darasa akutumie picha ya ukurasa wa mahudhurio kila mwisho wa mwezi. Usiulize "anaendeleaje", utajibiwa vizuri tu. Hesabu Jumatatu zake na Alhamisi zake, na akikosa mbili mfululizo piga simu wiki hiyo hiyo usisubiri muhula uishe.

Njia ya tatu ni kwa bibi, wakae wote watatu. Ukaribu wa damu upo na upendo hauna shaka, ila bibi anazeeka na kuna siku ataugua, na nani atamuuguza? Binti wa miaka 14 ambaye kazi hiyo ameshaifanya mwaka mzima. Hiyo njia bila mtu mzima wa pili aliyetajwa kwa jina, anayelala pale au karibu na pale, mimi inanitia wasiwasi. Bweni nalo watu hulipenda kwa sababu linaonekana limemaliza mjadala, kweli linamtoa kwenye kulea mtoto mchanga, lakini shule ikifungwa anakwenda wapi na siku ya wazazi nani anakuja? Kama hayo mawili hayana jibu bado hamjapata suluhisho.

Kuhusu ile michango, kutoka nane mpaka wawili, usiumie ukadhani ndugu zako wana roho mbaya. Ahadi iliyotolewa siku ya msiba inatolewa na machozi, hakuna aliyepiga bajeti, na neno "tutachangia shule" halina mwenyewe, kila mmoja anajua wengine saba wapo. Jaribu kuliita upya bila kudai madeni ya nyuma, hilo muhimu, ukianza na nani hakutoa grupu linakufa siku hiyo hiyo. Badala ya hela iende kwa mtu, kila kitu kipate mtu. Huyu ni viatu na sare za binti tu, huyu ni madaftari na kalamu za wote watatu, huyu ni ada ya huyu mmoja na anailipa shuleni moja kwa moja na risiti anaipiga picha anaiweka kwenye grupu. Mtu aliyeshindwa kutoa kila mwezi anaweza kabisa kununua jozi moja ya viatu kwa mwaka, na mtoto akivaa vile viatu anajua ni vya mjomba fulani. Kulipa shuleni moja kwa moja kunawasaidia hata wale wanaomlea, maana hela ya ada ikipita ndani ya nyumba yenye shida inaliwa na shida, bila mtu kukusudia wizi.

Na kabla hamjachangishana naomba uulize kitu ambacho barua yako haijakigusa, dada na shemeji waliacha nini? Nyumba, shamba, akiba benki, mafao ya kazini, chochote. Vile ni vya watoto kwanza. Nimeona familia zinachangishana kwa jasho wakati mafao ya marehemu hayajafuatiliwa kwa sababu tu hakuna aliyeteuliwa rasmi kusimamia mirathi, au nyumba imepangishwa na kodi anaipokea ndugu mmoja. Uliza kwa heshima, ila uliza.

Nimebakiza la binti mwenyewe. Mmemgawa bila kumuuliza, na sasa mimi na wewe tunampangia tena bila kumuuliza. Mkataba wa haki za mtoto wa 1989, kifungu cha 12, unasema mtoto asikilizwe kwenye mambo yanayomhusu na maoni yake yapewe uzito kulingana na umri wake, na miaka 14 sio mtoto wa kubebwa. "Nimezoea" kalisema ndani ya nyumba ile, labda kuna mtu chumba cha pili. Mtafutie nafasi mkiwa wawili tu, mkitembea ni bora kuliko mkikaa mnatazamana, na usimuulize kama anateswa maana atajibu hapana ili asikuletee matatizo. Mwambie "nihadithie Jumatatu yako, tangu unaamka". Acha asimulie. Ameamka saa ngapi, nani mwingine kaamka, binamu anaondoka saa ngapi, yeye anakula lini, analala wapi na nani yuko chumba hicho. Muulize pia kati yenu wote anatamani kukaa na nani na kwanini, ila usimuahidi, mwambie wazi kuwa unataka kujua na sio kwamba utaweza.

Na hapa narudi kwenye kuteswa. Ukiona alama mwilini, ukisikia kuna mtu mzima anaingia alipolala, ukamuona anashtuka jina la mtu fulani likitajwa, au akikwambia kitu alafu akuombe usimwambie mtu, basi yote niliyoandika kuhusu zamu na michango yaweke pembeni. Hapo hakuna kikao. Unaondoka naye, unakwenda ustawi wa jamii au polisi siku hiyo hiyo, na nani atakusamehe au hatakusamehe mtaliangalia baadaye.

Kama hakuna hayo, huna haja ya kuamua wiki hii. Ongea na mumeo lile la hatuwezi nini, pata siku za zamu, sikia Jumatatu ya binti kwa mdomo wake. Na umwombe mwalimu ukurasa wa mahudhurio wa muhula wa kabla ya huu pia, kwa sababu kama Jumatatu na Alhamisi zilikuwa nzima kabla yule mchanga hajaanza kuachwa nyumbani, tutakuwa tunaongea habari moja, na kama alikuwa anakosa hivi hivi tangu wiki aliyofika ni habari nyingine kabisa. Niandikie ukishaupata.